Malengelenge usoni na viganjani: ni tetekuwanga au Mpox?

Mtoto akitokwa na malengelenge, wengi wetu husema hapohapo kuwa ni tetekuwanga, na mara nyingi huwa tunapatia. Lakini siku hizi jibu hilo peke yake halitoshi. Tarehe 10 Machi 2025, Jenista Mhagama, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Afya, alitangaza kuwa watu wawili wamethibitika kuwa na Mpox hapa nchini. Mmoja wao alikuwa dereva wa gari la mizigo aliyesafiri kutoka nchi jirani kwenda Dar es Salaam.

Kabla ya hapo, tarehe 31 Julai 2024, Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza. Aligunduliwa katika kituo cha mpakani cha Taveta, akiwa msafiri aliyetoka Uganda kuelekea Rwanda. Taveta inapakana na Holili, na barabara ya Holili hupita Moshi, Usa River na Tengeru hadi Arusha mjini. Upande wa pili, magari yanayotoka Namanga hupita Longido, Oldonyosambu na Ngaramtoni. Sisi tunaoishi kuzunguka Mlima Meru tuko kwenye njia hizo mbili, ndiyo maana tunaona vema kila nyumba ijue namna ya kuyatazama malengelenge.

Kwa nini tutofautishe?

Tetekuwanga kwa mtoto mwenye afya njema huisha yenyewe katika wiki moja au mbili. Mpox huchukua wiki mbili hadi nne. Mgonjwa wake anahitaji kupimwa na kukaa peke yake mpaka maganda yote ya vidonda yadondoke na ngozi mpya iote chini yake. Watu waliogusana naye nao hufuatiliwa kwa siku 21, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa kiasi hicho kujitokeza. Mtu mwenye Mpox akidhaniwa ana tetekuwanga, ataendelea kulala kitanda kimoja na wenzake na kutumia nao taulo moja, na ugonjwa utapita hapo.

Tazama hatua ya malengelenge

Katika magonjwa yote mawili, kipele hakianzi kikiwa lengelenge. Huanza kama doa lililo sawa na ngozi, kisha huinuka na kuwa kipele, hujaa maji, halafu hukauka na kufanya ganda. Katika Mpox, maji hayo kwa kawaida hugeuka kuwa mazito na meupe kama usaha kabla ya kukauka. Tofauti kubwa iko katika mwendo wa hatua hizo.

Tetekuwanga hutoka kwa mafungu. Leo vinatoka vipele kadhaa, kesho vingine, na keshokutwa vingine tena. Kwa hiyo ukitazama kifua cha mtoto siku ya tatu au ya nne, utakuta mahali pamoja pana doa jipya, kipele, lengelenge la maji na ganda lililokauka. Vyote viko pamoja, kama shamba lililopandwa mara tatu kwa wiki tofauti.

Mpox huwa kama shamba lililopandwa siku moja. Vipele vya sehemu moja ya mwili huwa katika hatua moja: vya usoni vyote ni malengelenge ya maji, au vyote vina usaha, au vyote vimekauka. Vya mguuni vinaweza kuwa nyuma kidogo ya vile vya usoni, lakini vyenyewe kwa vyenyewe hulingana. Kwa hiyo usilinganishe uso na mguu. Chagua sehemu moja yenye ukubwa wa kiganja chako, uitazame kwa makini mchana penye mwanga, na ujiulize: hivi vyote vinafanana?

Virusi vya magonjwa haya havina undugu, ingawa vipele vyake hufanana. Virusi vya Mpox ni ndugu wa virusi vya ndui, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Wazee wanaoikumbuka ndui watakumbuka kuwa nayo ilijaa usoni na mikononi, na vipele vyake vililingana. Virusi vya tetekuwanga ni vya ukoo mwingine. Hivyo ndivyo vinavyobaki vimejificha mwilini, na miaka mingi baadaye vinaweza kuleta mkanda wa jeshi.

Kisha tazama mahali vilipo

Tetekuwanga hupenda kiwiliwili. Vipele hujaa kifuani, tumboni na mgongoni, hufika kichwani na usoni, lakini hupungua kadiri unavyoelekea kwenye mikono na miguu. Ni nadra kuvikuta ndani ya kiganja au chini ya unyayo.

Mpox mara nyingi hufanya kinyume. Vipele huwa vingi usoni, mikononi na miguuni kuliko kifuani, na huota hata ndani ya viganja na kwenye nyayo. Kwa hiyo mwambie mgonjwa afungue viganja na ainue nyayo, umtazame. Hilo huchukua nusu dakika, na ndilo linalosahauliwa na wengi.

Umbo lake nalo husaidia. Lengelenge la tetekuwanga ni laini, lipo juujuu kama tone la maji lililokaa kwenye ngozi, na huwasha sana. La Mpox lina mizizi ndani ya ngozi, ni gumu, ni la mviringo, na mara nyingi lina kishimo katikati kama kitovu. Mwanzoni huuma zaidi kuliko kuwasha. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu, kwani hauonekani vizuri. Tafuta uvimbe na umbo, na umuulize mgonjwa anahisi nini. Usivibonyeze kwa vidole vyako.

Uliza yaliyotangulia

Katika Mpox, siku moja hadi tatu kabla ya vipele, mgonjwa wengi hupata homa, kichwa kuuma, mgongo na misuli kuuma, na uchovu mwingi. Pia tezi huvimba shingoni, makwapani au kwenye kinena, ile tunayoiita mitoki. Mitoki ni dalili yenye uzito, kwa sababu si kawaida ya tetekuwanga. Mwache mgonjwa ajipapase mwenyewe akuambie.

Uliza pia kama amewahi kuugua tetekuwanga. Aliyeiugua utotoni ni nadra kuipata tena, kwa hiyo mtu mzima wa namna hiyo akitokwa na malengelenge, tetekuwanga isiwe jibu la kwanza.

Mifano miwili

Tuchukue mtoto wa miaka sita wa Maji ya Chai. Wenzake wawili darasani waliugua wiki mbili zilizopita. Homa yake ni ndogo na ilianza pamoja na vipele. Siku ya tatu tumbo lake lina madoa mapya, malengelenge na maganda kwa pamoja, anajikuna usiku kucha, viganja ni visafi na hana mitoki. Hapa kila kitu kinaelekeza kwenye tetekuwanga, ambayo huenea kwa urahisi kwa njia ya hewa miongoni mwa watoto.

Sasa tuchukue kijana wa miaka 28 anayepakia mizigo kwenye malori Ngaramtoni. Alipata homa na maumivu ya mgongo kwa siku mbili, akameza dawa za malaria. Siku ya tatu akaona vipele usoni, kisha mikononi. Siku ya saba uso wake una malengelenge yanayolingana yote, manne yako ndani ya kiganja cha kulia, na mitoki inamuuma anapotembea. Mama yake anasema alishaugua tetekuwanga akiwa mdogo. Kijana huyu anatakiwa kupimwa Mpox siku hiyohiyo.

Macho yana mwisho wake

Dalili hizi hutupa sababu ya kushuku, hazitoi hukumu. Aina ya Mpox iliyoibuka mwaka 2023 katika mji wa machimbo wa Kamituga, mashariki mwa Kongo, ndiyo iliyosambaa katika nchi zetu, na imeenea sana kwa kujamiiana. Kwa wagonjwa wa namna hii, vipele vinaweza kuwa vichache tu sehemu za siri, mdomoni au kwenye njia ya haja kubwa, wakati uso na viganja ni visafi. Vinaweza hata kutolingana hatua. Kwa hiyo viganja visafi havimtoi mtu kwenye shaka.

Na kinyume chake kipo. Huko Kongo, wagonjwa wengi walioshukiwa kuwa na Mpox walipopimwa walikutwa na tetekuwanga, na wengine walikuwa na yote mawili kwa wakati mmoja. Kaswende nayo inaweza kuleta vipele viganjani. Kinachotoa jibu ni kipimo cha maabara: mhudumu husugua lengelenge kwa kijiti chenye pamba, au huchukua ganda, na sampuli hiyo hupelekwa kupimwa.

Ukishuku, fanya hivi

Piga simu namba 199 ya Wizara ya Afya, ni bure, au mpigie mhudumu wa afya wa kijiji chako kabla ya kumpandisha mgonjwa kwenye daladala au bodaboda. Eleza homa ilianza lini, vipele vilianza wapi, viganja vikoje na mgonjwa alisafiri wapi. Kama simu yako ina kamera, piga picha ya sehemu ileile kila asubuhi, umwonyeshe mhudumu. Picha hiyo isiende kwenye makundi ya simu, kwani ni siri ya mgonjwa.

Wakati mkisubiri, mgonjwa alale peke yake na awe na shuka, taulo na vyombo vyake. Funika vipele kwa nguo safi, na avae barakoa akikaribiwa na mtu. Anayemhudumia awe mmoja, anawe kwa sabuni kila mara, na asikung'ute shuka. Msitumbue malengelenge wala kuyapaka majivu au samli, maana kidonda kikiingia uchafu ndipo makovu na homa mpya huja. Kwa homa, parasetamoli inafaa. Mtoto mwenye malengelenge asipewe aspirini, kwa sababu ikikutana na tetekuwanga inaweza kumletea madhara makubwa ya ubongo na ini.

Msisubiri asubuhi iwapo lengelenge liko jichoni, mgonjwa anapumua kwa shida, hawezi kunywa, au anachanganyikiwa. Mtoto mchanga, mama mjamzito na mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi wawahishwe kituoni hata kama vipele ni vichache. Anayetumia dawa za kufubaza virusi asiziache, kwani Mpox humwelemea zaidi yule ambaye kinga yake imeshuka.