Duka la Vipodozi Ughaibuni na Swali la Sauti ya Chini

Mteja anaingia, anachagua pakiti mbili za rasta na chanuo la mkia, kisha anaegemea kaunta na kushusha sauti: "Dada, ile ya kung'arisha ipo?"

Ukifungua duka la vipodozi vya Kiafrika London, swali hilo utaulizwa kabla wiki ya kwanza haijaisha. Anachotaka ni mkorogo, na faida yake inavutia. Lakini Uingereza imepiga marufuku haidrokwinoni na zebaki katika vipodozi vya ngozi, na krimu ya klobetasoli haiuzwi bila cheti cha daktari. Wakaguzi wa halmashauri huja kununua kama wateja wengine, kisha hupeleka kopo maabara. Halmashauri ya Southwark, yenye mtaa wa Peckham unaojulikana kwa maduka yetu ya nywele, imeshawafikisha wenye maduka mahakamani kwa bidhaa hizo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua mzigo umetoka wapi. Kabla hujalipa, geuza kopo usome nyuma. Lazima pawe na jina na anwani ya mhusika aliyeko Uingereza, orodha ya viambato, na namba ya toleo. Kopo lisilo na anwani hiyo, au linaloahidi weupe kwa siku saba bila kutaja kilichomo, liache hapohapo. Rasta, wigi, vitana na vilemba havina masharti hayo ya vipodozi, ndiyo maana anayeanza hupata nafuu kuanza navyo, akinunua mafuta na shampuu kwa muuzaji wa jumla aliyeko nchini humo na kutunza kila risiti.

Wengi hutamani njia ya mkato: shangazi anayesafiri abebe ndoo ya mafuta ya nazi au siagi ya shea kwenye begi, nawe uifungashe upya na kubandika jina la duka. Ukishabandika jina lako, sheria inakuhesabu wewe ndiye mwenye bidhaa. Utahitaji ripoti ya usalama iliyoandikwa na mtaalamu mwenye sifa, jalada la bidhaa litakalotunzwa miaka 10 baada ya toleo la mwisho, na kuisajili serikalini kabla kopo la kwanza halijauzwa.

Gharama hiyo ndiyo husahaulika kwenye bei. Tuchukue mfano wa hesabu. Katoni ya kilo 25 za shea umeipata kwa pauni 150. Ukitoa kinachobaki kwenye mwiko na sufuria, unapata makopo 120 ya gramu 200, yaani pauni 1.25 ya shea kwa kila kopo. Kopo tupu na lebo ni peni 60. Ripoti ya usalama, tuseme pauni 240, ukiigawa kwa makopo hayo ni pauni 2. Umefika pauni 3.85, na bado hujalipa pango wala umeme. Ukiuza kwa pauni 7.20 na umesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, pauni 1.20 ni ya serikali, na wewe unabaki na pauni 2.15. Usajili huo ni lazima mauzo ya miezi 12 yakizidi pauni 90,000. Anayeuza kopo hilo kwa pauni 4 barabara ya pili huenda ameruka ripoti. Usishindane naye kwa bei.

Shindana naye kwa maelezo. Baridi ikianza, shea huganda kama jiwe, na ikipoa polepole hutoa chenga kama mchanga. Mteja atairudisha akisema imeharibika. Mnusishe: harufu ya njugu na moshi kidogo ni ya asili, lakini ikichacha kama mafuta ya kukaangia yaliyolala, hiyo imekwisha, mrudishie pesa yake. Chenga huondoka ukiiyeyusha taratibu na kuipoza haraka kwenye friji. Mtu uliyemwonyesha hivyo mara moja atamleta dada yake.

Wasusi ndio watakaokujaza duka, kwa kuwa mteja hununua rasta aliyotajiwa na msusi wake. Rasta ikiwawasha watu kichwani, yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa, naye atakulaumu wewe. Msikilize, na toleo hilo lirudishe kwa muuzaji wa jumla. Mpunguzie bei, lakini mali kauli mpe kwa kiwango mlichoandikiana, kwani daftari la madeni limefunga maduka mengi yenye wateja tele.

Na yule dada wa sauti ya chini? Mjibu kwa upole kwamba huuzi, na umweleze sababu: zebaki huharibu figo, na haidrokwinoni ya muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi yasiyofutika. Kama tayari ana mabaka, mwelekeze kwa daktari wake. Muuzie mafuta ya kujikinga na jua.