Kiraka cha dharura kinachofutwa kila kikibandikwa

Tuseme ni mwisho wa mwezi, saa 2 usiku, na mfumo wa malipo wa kampuni moja jijini Dar es Salaam unakufa na kufufuka kila baada ya dakika chache. Mhandisi wa zamu anaona kwenye skrini neno `OOMKilled`, na kando yake namba 137. Ujumbe huo anaujua: programu imetaka kumbukumbu zaidi ya kikomo ilichowekewa, ikauawa. Kikomo chenyewe ni `512Mi`, kama megabaiti 500 na ushei, na usiku wa mishahara hazitoshi. Anaandika amri moja:

```
kubectl set resources deployment/malipo --limits=memory=1Gi
```

Nakala mpya za programu zinaanza kuwashwa. Kabla hajakitua kikombe cha chai, zimeanza kuzimwa. Anatazama kikomo: `512Mi`. Anarudia amri, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara mambo ni yale yale. Anampigia mwenzake simu: "Kaka, ni wewe unayenirudisha nyuma?" Mwenzake yuko kwenye daladala, kompyuta imo mkobani.

Anayemrudisha nyuma si mtu. Ni programu iliyowekwa humo kwa makusudi, inayofanya kazi yake barabara.

Kampuni hiyo inaendesha huduma zake kwa Kubernetes, mfumo ambao Google iliutoa kwa umma mwaka 2014 na ambao jina lake ni neno la Kigiriki linalomaanisha mshika usukani wa chombo. Kazi yake inafanana na boya la tangi la maji lililo juu ya paa. Boya halijui nani amefungua bomba jikoni. Linajua maji yafike wapi. Yakishuka, linafungua, yakifika, linafunga. Ndivyo Kubernetes inavyopewa hali inayotakiwa, kisha yenyewe ikahangaika kuifikia.

Swali ni nani anayeandika hiyo hali inayotakiwa. Mwaka 2017 kampuni ya Weaveworks ilianza kutumia jina GitOps kwa jibu hili: iandikwe kwenye Git, hifadhi ileile wanamoweka msimbo wao, na hapo iwekwe programu ya kulinganisha kilichoandikwa na kinachoendeshwa. Mbili zinazojulikana zaidi ni Flux, iliyotoka Weaveworks, na Argo CD, iliyozaliwa Intuit, kampuni ya Marekani ya programu za uhasibu. Mhandisi wetu amekutana na Argo CD, na mistari iliyomshinda ni hii:

```
syncPolicy:
  automated:
    selfHeal: true
```

Neno `selfHeal` ndilo kiini cha kisa. Likiwa `true`, Argo CD ikiona kilichomo kwenye seva kimetofautiana na Git, hairipoti tu bali inarekebisha. Na inaona upesi. Git huichungulia kila baada ya dakika chache, lakini seva inazifuatilia moja kwa moja, na kwa kawaida husubiri sekunde 5 tu kabla ya kujaribu kusawazisha. Ndiyo maana kiraka kilikufa kabla chai haijapoa. Flux, kwa upande wake, hufanya ukaguzi kwa vipindi, mathalani kila dakika 10. Huko kiraka kinaishi kidogo, mhandisi anaandika kwenye kundi kwamba tatizo limekwisha, kisha linarudi.

Mtu anawezaje kujua kwamba ndicho kinachomkuta? Dalili ya kwanza imo kwenye majina. Kila nakala ya programu hubeba herufi na tarakimu zinazotokana na maelezo yake, kwa hiyo kikomo cha zamani kina alama yake na kipya kina yake. Alama mbili zilezile zikipokezana, moja ikiwashwa nyingine ikizimwa, kuna wawili wanaovutana kamba. Dalili ya pili ni ushahidi wa maandishi:

```
kubectl get deployment malipo -o yaml --show-managed-fields
```

Amri hii inaonyesha nani alishika sehemu gani mara ya mwisho, na saa ngapi. Akikuta `argocd-controller` mahali ambapo alitarajia kukuta nyayo zake mwenyewe, ampigie simu mwenye daladala amwombe radhi.

Wengi hapo hukimbilia kuzima `selfHeal` kwenye ukurasa wa Argo CD. Wakati mwingine inasaidia. Lakini katika kampuni nyingi mipangilio ya Argo CD nayo imeandikwa kwenye Git, ikisimamiwa na programu mama ambayo kazi yake ni kusimamia programu nyingine. Basi mhandisi anazima, na mama anawasha. Ni lazima aanze na mama, au abadilishe Git.

Na kubadilisha Git ndiyo njia fupi, ingawa usiku ule haionekani hivyo. Faili ni moja na neno ni moja: `512Mi` iwe `1Gi`. Mwenzake aidhinishe, hata kwa simu ndani ya daladala, kisha Argo CD iambiwe isome upya bila kungoja zamu yake:

```
argocd app get malipo --refresh
```

Badiliko la namba halihitaji programu kujengwa upya, kwa hiyo likishaidhinishwa linaweza kufika kwa dakika moja au mbili. Ikiwa kampuni inalazimisha hata namba hiyo kupita majaribio ya dakika 40, kosa liko kwenye utaratibu wake, na wahandisi wataendelea kupitia dirishani.

Inaudhi, lakini kurudishwa baada ya sekunde 5 ni afadhali. Argo CD ikiwekwa kusawazisha yenyewe bila `selfHeal`, kiraka kinakaa. Inaandika `OutOfSync` kwenye skrini, inanyamaza. Wiki mbili baadaye mtu mwingine anatoa toleo jipya lisilohusu kumbukumbu hata kidogo. Usawazishaji unafanyika, kikomo kinarudi 512, na mwisho wa mwezi unaofuata malipo yanaanza tena kufa. Aliyebandika kiraka yuko likizo, na anayetafuta chanzo anapekua toleo lisilo na hatia.

Si kila tofauti inayofutwa, na hili huwachanganya hata wazoefu. Kwa kawaida kinacholindwa ni kile kilichoandikwa kwenye Git. Mhandisi akiongeza lebo ambayo faili haiitaji kabisa, huenda ikabaki miezi. Kinyume chake ni idadi ya nakala: Git ikisema `replicas: 3` huku kuna chombo kingine kinachoongeza nakala wateja wanapozidi, viwili hivyo vitagombana usiku kucha, kimoja kikipandisha hadi 8, kingine kikishusha hadi 3. Hapo dawa ni Git kutoitaja namba hiyo, au Argo CD kuagizwa isiijali kwa `ignoreDifferences`.

Kuna usiku ambao Git yenyewe haifikiki, na kusimamisha usawazishaji ndiyo njia pekee. Kwa Flux ni `flux suspend kustomization malipo`. Swichi hiyo haijiwashi. Ikisahauliwa, viraka vya watu tofauti vinarundikana kimyakimya, na atakayeiwasha baada ya miezi mitatu atavifuta vyote kwa mpigo. Anayeikuta imezimwa aendeshe kwanza `flux diff kustomization malipo`, akiielekeza kwenye folda ya faili zake kwa `--path`, asome kila mstari utakaobadilika, na avihamishie kwenye Git vile ambavyo bado vinahitajika kabla ya kuandika `resume`.