Ufadhili wa Uturuki au Chuo cha Nyumbani?

Kila mwanzo wa mwaka serikali ya Uturuki hufungua maombi ya ufadhili wake, Türkiye Bursları. Barua ya kukubaliwa inapofika, furaha hufuatwa na mashauri: mtoto asafiri, au ashike nafasi aliyopata nchini?

Tuchukulie binti wa Kisauni anayetaka kusomea uuguzi. Ameitwa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na Uturuki nako amekubaliwa. Kwa haraka hesabu yaonekana nyepesi, kwani ufadhili hulipa karo, malazi, bima ya afya na posho ya kila mwezi. Lakini tiketi ya ndege hutolewa ya kwendea mwanzoni na ya kurudia masomo yakiisha. Akitaka kuja nyumbani kwa Idi, au akifikiwa na msiba, nauli ni juu ya wazazi. Huku Kilifi, mkopo wa HELB hupunguza mzigo wa karo, ila ni deni, tena lenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Familia inayochunga riba haina budi kulipima jambo hilo kabla ya kutia sahihi.

Lugha ndiyo husahauliwa zaidi. Mwaka wa kwanza Uturuki ni wa kujifunza Kituruki hadi kiwango cha C1, yaani kiwango cha mtu awezaye kusikiliza mhadhara na kuandika insha ya chuo. Asiyekifikia huweza kupoteza ufadhili. Kwa hiyo shahada ya miaka 4 huwa ya miaka 5. Tena, akisomeshwa uuguzi kwa Kituruki, majina ya dawa na maradhi atayazoea kwa lugha hiyo, ilhali mtihani wa kupata leseni Kenya ni wa Kiingereza. Mwenye kwenda na afuatishe masomo yake kwa vitabu vya Kiingereza tangu mwaka wa pili, asingoje kurudi.

Upande wa malezi, Uturuki si ugeni mtupu: misikiti iko karibu, chakula cha halali hakimpi taabu, na mabweni ya serikali ya wasichana ni mbali na ya wavulana. Hata hivyo, akiugua Kilifi mama yake hufika kwa matatu siku iyo hiyo. Akiugua Erzurum, penye theluji, atauguzwa na wenzake.

Kabla ya kujibu barua, wazazi na waulize mambo matatu: somo hili litafundishwa kwa lugha gani? Baraza la wauguzi la Kenya lakitambua chuo hicho? Nani atalipa nauli ya dharura? Yakijibiwa kwa maandishi, uamuzi huwa mwepesi. Yasipojibika, nafasi ya Kilifi isiachwe iponyoke. Kisha binti na aswali istikhara, kwani atakayesoma ni yeye.