Kila kosa liache nyayo zake

Mwalimu wa Hisabati ya Juu anayetunga mtihani wa majaribio wa kidato cha sita huwa na swali moja ambalo mkono humpeleka bila kufikiri: tafuta intigrali ya x sin x kutoka 0 hadi π. Ni swali fupi, na jibu lake, π, linapendeza. Mimi naliona swali baya.

Tuanze na kanuni yenyewe. Intigresheni kwa sehemu hutumika pale vitu viwili vinapozidishwa, kwa mfano x na saini ya x, na hakuna njia ya mkato:

∫u dv = uv − ∫v du

Mwanafunzi huchagua kipande kimoja awe anakidifrenshieti, yaani u, na kingine akiintigreti apate v. Hapa u ni x, kwa sababu ukiidifrenshieti inabaki 1 na kazi inakuwa nyepesi. Saini ikiintigretiwa hutoa −cos x, na mwisho tunafika kwenye −x cos x + sin x.

Sasa chukua mwanafunzi aliyechanganyikiwa na alama mbili za kutoa zilizofuatana, akaandika −x cos x − sin x. Amekosea mahali ambapo wengi hukosea. Lakini saini ya 0 ni 0, na saini ya π ni 0 vilevile, kwa hiyo kipande chenye kosa kinafutika chenyewe. Anapata π, sawa na aliyepatia. Ukibadilisha mpaka wa juu uwe π/2, jibu sahihi linakuwa 1, ila safari hii kinachofutika ni −x cos x: aliyesahau kabisa kuandika uv naye anapata 1. Msahihishaji mwenye rundo la karatasi, jicho lake likitangulia kwenye jibu, atawapitisha wote.

Kwa hiyo ningeandika hivi: “Kwa kutumia intigresheni kwa sehemu, tafuta thamani kamili ya ∫ x cos x dx kutoka 0 hadi π/2. Onyesha hatua zote. (Alama 5)”. Maneno “thamani kamili” yanazuia desimali, na “onyesha hatua zote” yanamzuia anayetaka kunakili jibu la kikokotoo. Sikuandika “thibitisha kwamba jibu ni fulani”, kwa sababu aliyepotea njiani angegeuza alama kimyakimya ili afike pale alipoambiwa.

Katika mwongozo wa usahihishaji, herufi M ni alama ya njia na A ni alama ya usahihi. M ya kwanza inatolewa kwa kuchagua u = x na kutumia kanuni. A inafuata kwa x sin x − ∫ sin x dx, kisha A nyingine kwa x sin x + cos x. M ya pili ni ya kuingiza mipaka yote miwili na kutoa wa chini kutoka wa juu. A ya mwisho ni ya π/2 − 1 peke yake.

Uzuri wa mipaka hii ni kwamba makosa hayafichani. Aliyepuuza mpaka wa chini, akidhani ukiweka 0 kila kitu ni 0, anaishia na π/2. Amesahau kwamba kosini ya 0 ni 1. Aliyekosea alama kwenye kosini anapata π/2 + 1. Aliyeintigreti x peke yake na cos x peke yake kisha akazidisha anapata π²/8, na huyo hapati kitu, maana njia yenyewe hakuitumia. Aliyechagua u = cos x hana jibu: intigrali yake mpya ina x² na ni ngumu kuliko ile aliyoanza nayo, kwa hiyo utaona kazi imekatika katikati.

Mtungaji lazima aamue mapema aliyepata π/2 + 1 anastahili nini. Naamini kosa moja halipaswi kumwadhibu mtu hadi mwisho. Anapoteza A ya pili na ya mwisho, lakini M ya mipaka ni yake, kwa kuwa aliiingiza vizuri kwenye alichokuwa nacho. Jumla 3.

Yupo pia atakayeandika 89. Hesabu yake yote ni safi, ila aliweka 90 mahali pa π/2, kwa kufikiria nyuzi, na 90 − 1 ni 89. Mpe 4. Kisha, mnaporudishiana karatasi darasani, mchoreeni mchoro wa x cos x kati ya 0 na π/2: kilele chake hakifiki hata 1, na upana wote ni kama 1.57. Ataona mwenyewe kwamba eneo la 89 haliwezi kuingia mle.