Mistatili Inayolibana Eneo

Eneo la mstatili halimsumbui mtu: urefu mara upana, basi. Shida huanza pale upande mmoja unapopinda, kama shamba linalopakana na mto. Hapo tunalazimika kukisia, lakini yapo makisio yanayojua yamekosea kwa kiasi gani.

Tuchukue mstari wa y = x², kuanzia x = 0 hadi x = 1. Unaanzia sifuri, unapanda taratibu, kisha kwa kasi hadi kufikia kimo cha 1. Tunatafuta eneo lililo chini yake.

Gawa msingi vipande vinne, kila kimoja kiwe na upana wa 1/4, na juu ya kila kipande simamisha mstatili. Kimo kiwe kipi? Ukichukua kimo cha mstari mwanzoni mwa kipande, mstatili hauuvuki mstari. Ukichukua cha mwishoni, unauvuka. Afadhali kufanya yote mawili. Vimo vya mwanzoni ni 0, 1/16, 4/16 na 9/16; jumla yake mara 1/4 ni 14/64, yaani karibu 0.22. Vya mwishoni ni 1/16, 4/16, 9/16 na 1. Navyo vinatoa 30/64, karibu 0.47. Eneo letu limo katikati.

Vitazame vimo hivyo tena. Ni vilevile, isipokuwa orodha ya kwanza ina 0 na ya pili ina 1. Kwa hiyo pengo kati ya majibu mawili ni mstatili mmoja tu, wenye kimo cha 1 na upana wa 1/4. Ukigawa vipande 10, unapata 0.285 na 0.385. Kwa vipande 100 ni 0.32835 na 0.33835. Kwa vipande n, pengo ni 1/n, na hakuna udogo usioweza kuufikia.

Jumla ya juu, ukiipigia hesabu, ni 1/3 + 1/(2n) + 1/(6n²). Kadiri n inavyokua, mikia miwili hiyo inanywea, na kinachobaki ni 1/3. Hicho ndicho kikomo, na kikomo hicho ndicho intigrali yenye mipaka:

∫₀¹ x² dx = 1/3

Alama hiyo ndefu ni S ya jumla, aliyoianzisha Leibniz mwaka 1675. Dx inakumbusha upana. Wanafunzi wengi hudhani mwishowe tunajumlisha mistatili yenye upana wa sifuri. La, sifuri hata zikiwa nyingi vipi hujumlika kuwa sifuri. Mistatili yetu daima ina upana, na 1/3 ndiyo namba pekee isiyotoka katikati ya jumla zote za chini na zote za juu.

Je, pengo hufunga daima? Riemann alilichunguza swali hilo mwaka 1854. Chukua kanuni inayotoa 1 kwa kila namba inayoandikika kama sehemu, na 0 kwa nyingine zote. Kila kipande, hata kiwe chembamba vipi, kina namba za aina zote mbili. Kati ya 0 na 1, jumla ya juu itabaki 1 na ya chini 0, ugawe vipande milioni ukipenda. Kanuni hiyo haina intigrali ya Riemann.