Simu Haiingizi Chaji? Tazama Tunduni Kwanza

Mama mkubwa alirudi kutoka kijijini na simu iliyokaa mwezi mzima mkobani bila chaji. Aliichomeka ukutani, kioo kikabaki cheusi tii. Baada ya dakika tano akaichomoa, akahamia soketi nyingine, hali ikawa ile ile. Fundi mmoja, bila kuifungua wala kuipima, akamwambia betri imekufa, alete pesa ya mpya.

Aliponiletea, nilianza kwa kuchomeka waya polepole. Kichwa chake hakikuzama chote, tena kilichezacheza. Nilipomulika tochi ndani ya tundu, niliona tabaka la kijivu limeshikamana chini kama kipande cha blanketi. Manyoya ya nguo na vumbi huingia humo kidogo kidogo, na kila unapochomeka chaja unayashindilia zaidi. Pini na sindano usizikaribishe, kwa kuwa chuma hukwaruza na kugusanisha meno ya umeme. Simu ikiwa imezimwa, chonga kijiti cha meno kiwe chembamba, uvute uchafu kuja nje. Kwenye tundu la taipu si, pita pembeni, maana ule ulimi wa katikati ukivunjika ni kazi ya fundi. Kwa mama mkubwa kilitoka kifungu cha ukubwa wa punje ya mchele, na waya ukazama mpaka ukalia "tik".

Waya na chaja nilivijaribu kwenye simu yangu, vikachaji vizuri. Visingechaji, ningebadilisha kimoja kwanza, kisha cha pili, nijue mbovu ni upi.

Lakini kioo kilikuwa bado cheusi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Betri ya simu ikijaa hufika takriban volti 4.2, na simu hujizima ikiwa bado imesalia na zaidi ya volti 3. Ikiachwa wiki nyingi, kile kilichobaki nacho huvuja taratibu. Betri iliyoshuka hivyo haipewi umeme wa nguvu mara moja, kwani ungeiharibu. Saketi ya simu huilisha kidogo kidogo mpaka ipande kufikia karibu volti 3, na umeme huo mdogo huenda usitoshe hata kuwasha kioo. Anayechomoa baada ya dakika tano huikatiza kazi hiyo.

Niliiacha ukutani, si kwenye kompyuta ambayo umeme wake mara nyingi ni mdogo. Dakika ya 35 alama ya betri ilijitokeza, ikifuatiwa na asilimia 1.

Ingepita saa mbili kimya, ningebonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, maana pengine simu imeganda tu. Mgongo ukiwa umevimba, usiichaji kabisa wala usiibonyeze. Na fundi akisema betri imekufa, mwombe aipime kwa mita mbele yako.