Mbawakawa wa Herufi Tisa

Tengeru, nje kidogo ya Arusha, yapo makaburi ya Wapolandi waliokimbilia Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ukisimama mbele ya mawe yale ukajaribu kuyasoma majina, ulimi unakwama: sz, cz, rz zimesongamana, na hapa na pale e au a iliyoota mkia. Lakini kabla ya kuulaumu ulimi, tulaumu macho. Sisi wenyewe twaandika sh kwa herufi mbili na kutamka sauti moja, na hatuoni ajabu. Mpolandi naye ndivyo afanyavyo kwa sz, ambayo ni jamaa wa sh yetu, na kwa cz, jamaa wa ch. Rz ni sh ile ile iliyotiwa mtetemo wa koo, kama z ilivyo s yenye mtetemo. Weka kiganja kooni useme sss, kisha zzz, utausikia. Sasa sema shhh, halafu washa koo bila kuuhamisha ulimi: hiyo ndiyo rz.

Tuchukue neno chrząszcz, yaani mbawakawa. Lina herufi tisa, lakini sauti zake ni tano tu. Ch ni h nzito, kama kh ya watu wa pwani wanaposema kheri. Rz ikifuata sauti isiyo na mtetemo hupoteza wake, kwa hiyo hapa inabaki sh. Kisha inakuja irabu ą, halafu sz, halafu cz. Anza nyuma: sema shhh ndefu kama unayemnyamazisha mtoto, uikate kwa ch, lakini usimalizie na i. Hapo ndipo wengi wetu huanguka. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, ndiyo maana kitab cha Waarabu kikawa kitabu chetu. Basi deszcz, mvua, kinywani mwetu hugeuka “deshchi”. Ili ujikamate, weka kidole chini ya kidevu. Kidevu hushuka kila irabu inapopita. Katika deszcz kishuke mara moja tu, na katika chrząszcz vilevile. Kikishuka mara ya pili, umeingiza irabu ya magendo.

Sasa zile herufi zenye mkia. Wapolandi huuita ogonek, yaani kijimkia. Ę ni e ya puani. Ą, kinyume na umbo lake, haina uhusiano na a: ni o ya puani, na anayeitamka kama a amekosea tangu mlangoni. Habari njema ni kwamba mara nyingi sauti hizi tunazo tayari. Zikifuatwa na b au p, pua hujitenga na irabu ikawa m: zęby, meno, husikika karibu na “zembi”, na kipande chake cha mwanzo ni kile cha embe. Zikifuatwa na t au d huwa n. Zikifuatwa na k au g huwa ng’, kama n ya benki: ręka, mkono, ni “reng’ka”. Angalia tu usichanganye irabu zenyewe, maana mąka ni unga na męka ni mateso.

Kazi halisi ipo pale zinapofuatwa na sauti za kupuliza kama s, z na sz, ndiyo hali ya mbawakawa wetu. Hapo ulimi usiguse popote. Sema o, kisha uchonge midomo kama unayetaka kutamka w, huku pumzi ikipita puani. Bana pua katikati ya sauti: ikibadilika, umeipata, isipobadilika, bado unasema o ya kawaida. Mwisho wa neno, ą hubaki na pua yake, lakini ę kwa kawaida husemwa e tupu. Kwa hiyo dziękuję, asante, ni “jeng’kuye”; anayekaza pua mwishoni husikika kama anayejidai. Mkazo uko kwenye ku, silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika maneno yetu mengi.

Sikudai kwamba sh yetu inamaliza yote. Kipolandi kina ś pia, laini kuliko sz, na wenyewe huzitofautisha. Kwa mwanzo utaeleweka. Masikio yatafuata baadaye.

Maliza zoezi kwa w, ambayo Wapolandi huitamka v na huitumia peke yake, bila irabu, kwa maana ya “katika”. Mbele ya t hupoteza mtetemo ikawa f. Basi sema w Tengeru kama neno moja, “fTengeru”, kidole kidevuni: kishuke mara tatu, si nne.